Siku moja maishani mwangu: brifu ya hotpoti, siku mbili kabla ya mfungo

Saa 1:40 asubuhi. Nimesimama ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine nasikiliza sauti ya WhatsApp ya mteja wetu. Ana duka la vyombo Kariakoo na sote tunamwita Haji. Anataka kuuza seti 200 za hotpoti tatu tatu kwa msimu wa Ramadhani, na tumeshampata dada mmoja wa Mbagala anayepika mtandaoni, mwenye wafuasi kama 84,000. Sauti ni ya dakika nne. Kwa kifupi anataka nimwandikie yule dada "azisifie kwelikweli, offa mpaka Idi, na asiseme tumemlipa, watu watamwona muongo".

Hapo kwenye muongo ndipo ilipo kazi yangu ya leo.

Saa 2:30. Ofisini Kinondoni, chai ya rangi na chapati moja. Brifu zangu, yaani maelekezo ninayomwandikia influensa kabla hajatangaza, huwa kurasa mbili tu, maana huzisoma kwenye simu akiwa jikoni. Naanza na offa yenyewe, kwa sababu ikikosewa hapo, matusi ya wateja yanamwangukia yeye na siyo duka.

"Mpaka Idi" nimeikataa. Jumanne jioni watu watatazama mwezi, na kama haukuonekana tunafunga Alhamisi badala ya Jumatano, na Idi nayo inaweza kusogea vivyo hivyo. Mtu wa Tanga atahesabu siku moja, wa Mbeya nyingine. Nimeandika: kuanzia Jumatano tarehe 18 Februari mpaka Jumanne tarehe 10 Machi, saa 12 jioni, au seti 200 zikiisha kabla ya hapo. Saa 12 jioni ndiyo saa wanayofunga duka. Nilishawahi kuandika "saa 6 usiku" kwenye kazi nyingine, na nusu ya wateja wakadhani siku inaanza na nusu wakadhani inaisha.

Bei ni 65,000 kutoka 85,000.

Saa 4:10. Nampigia Haji.

"Shikamoo Haji."

"Marahaba mwanangu. Ile bei ya zamani andika laki moja na ishirini, ndiyo watu washtuke."

"Haji, wiki iliyopita mlikuwa mnaziuza 85,000. Nina picha ya kibandiko."

Akacheka. Nikamweleza kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na punguzo la bei ambayo haikuwahi kuwepo ni upotoshaji wa waziwazi. Akakubali upesi kuliko nilivyotegemea. Kwenye malipo ndipo aliponing'ang'ania.

Nikamuuliza: yule dada mnampa shilingi 400,000 na seti moja ya bure. Jirani yako akikuambia duka fulani lina vyombo vizuri, halafu ukagundua alipewa laki nne aseme hivyo, utamchukuliaje? Akanyamaza kidogo. "Nitauliza mbona hakusema." Basi Haji, na mfuasi naye atauliza hivyohivyo, tena kwenye maoni, mbele ya watu wote.

Saa 5:30. Sehemu ya tangazo la kulipwa naiandika neno kwa neno, kwa sababu nikiacha "taja kwamba umelipwa" najua nitakachopata: "#ad" mwishoni kabisa, imebanwa kati ya "#futari" na "#karibuniramadhani". Kuna wanaoandika "asanteni sana kwa zawadi", na hiyo inaficha laki nne. "Ushirikiano" nao ni neno la adabu lisilomwambia mama wa Temeke chochote.

Kwa hiyo: kapsheni ianze na neno "Tangazo:" kabla ya kitu kingine chochote. Instagram hukata maandishi baada ya mstari au miwili na kuficha yaliyobaki nyuma ya "more", na asiyegusa hapo hataona kilichofichwa. Kwenye video aseme kwa mdomo katika sentensi ya kwanza, na maandishi yakae juu ya picha kwa muda wa kutosha mtu kuyasoma, maana wengi hutazama wamezima sauti. Stori zikiwa tano, zote tano ziandikwe, kwa kuwa mtu anaweza kuingilia ya tatu. Na aseme vyote viwili, pesa na vyombo.

Halafu kile kibandiko cha mtandao wenyewe. Instagram awashe "Add paid partnership label". TikTok achague "Branded content", asichague "Your brand", kwani hiyo ni ya mtu anayetangaza biashara yake. Vibandiko hivi ninavitaka, ila haviondoi maneno ya Kiswahili. Mama yangu mzazi ameona "Paid partnership" mara ngapi, na anadhani ni jina la mahali.

Saa 7:15 mchana. Wali maharage, dakika kumi na tano. Brifu imeshaenda.

Saa 8:00. Simu kutoka Mbagala. "Dada yangu, mbona mnanibana hivi? Nikianza na tangazo watu si watapitiliza?"

Hofu yake naielewa, ndiyo riziki yake. Nikamwambia wapo watakaopitiliza, na hao wasingenunua hotpoti. Maneno anaweza kuyageuza yawe yake, ila mahali pake hapageuki: mwanzo. Nikaona niulize na jambo lililokuwa linanisumbua, ile sentensi ya Haji ya "chakula kinakaa moto masaa 24".

"Umejaribu?"

"Jumamosi niliweka wali saa 10 jioni. Saa 4 usiku nilifungua, mvuke ukanipiga usoni. Asubuhi ulikuwa wa vuguvugu."

Basi tunasema hivyohivyo. Nikafuta masaa 24 nikaweka saa 10 na saa 4, na ule mvuke ndio ukawa picha ya kwanza ya video. Kwa mfungaji hiyo ndiyo hesabu yenyewe: unapika mapema, unarudi tarawehe, chakula bado cha moto.

Saa 10:20 jioni. Simu tena, sasa kwa hasira. Alitaka kuweka kaswida moja inayovuma, na alipowasha "Branded content" haipatikani tena. Hili nililisahau kwenye brifu, kosa ni langu. TikTok ikijua video ni ya biashara inakuachia tu sauti zilizoruhusiwa kibiashara. Akaniuliza kama anaweza kuzima kile kitufe, aposti, akiwashe baadaye. Hapana. Tukakubaliana asiweke muziki kabisa: mfuniko ukifunguka, kijiko kikigonga sahani, na sauti yake.

Nikaongeza na mstari wa mwisho kwenye brifu: tarehe 10 Machi jioni, kapsheni ya Instagram ibadilishwe ianze na "Offa imeisha". Stori hupotea baada ya saa 24, ila posti hubaki, na Haji hataki mtu aje Aprili na simu mkononi akidai 65,000.

Saa 3:45 usiku. Niko nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Video ya majaribio imeingia. Mvuke, kisha uso wake: "Jamani, hili ni tangazo. Hotpoti nimepewa na pesa nimelipwa, ila wali nimepika mwenyewe."

Nikamtumia Haji aidhinishe. Baada ya dakika tano akajibu: "Sawa. Lakini mwambie lile sufuria la nyuma aliondoe, limeungua."