Vyeti vya hisa vya bibi
Bibi yangu hapa Kongwa ametunza vyeti vyake vya hisa vya Tanzania Oxygen Limited, kavifunga kwenye kanga pamoja na hati ya kiwanja. Nimelitafuta jina hilo kwenye orodha ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, halipo. Kumbe kampuni ipo, imebadili jina tu: sasa ni TOL Gases, na ndiyo ya kwanza kuorodheshwa pale, mwaka 1998. Nimefurahi mno! Ila cheti cha karatasi hakiuziki hivi hivi. Kwanza dalali aziingize hisa kwenye daftari la kielektroniki, na majina yalingane na kitambulisho. La bibi limepishana herufi moja, kwa hiyo tunaanzia kwa wakili, hati ya kiapo.