Anapima kwanza, ndipo alipe

Mtazameni fundi wetu kwenye video hii, mteja tangu duka likiwa kibanda. Nilidhani atasifia bei, kumbe yeye ni mizani tu! Anasema nondo ya milimita 12, urefu mita 12, iwe na kilo 10 na nusu hivi. Ikisoma 9, umeuziwa nyembamba, ingawa kwa macho zinafanana. Kwetu anapima mwenyewe kabla ya kupakia, na isiyofika uzito inarudi bila maneno.

Anakumbuka pia siku saruji ilipowaishia katikati ya kumwaga zege. Alipiga simu tukifunga duka, guta likaondoka na mifuko 5.

Mwishoni analalamika hatukopeshi. Shikamoo mzee wangu, hapo bado!