Usaha kifuani mwa paka wa Langoni

Bibi mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, aliniletea paka wake dume akiwa amemviringisha ndani ya leso, akanieleza kwamba kwa siku nne amekataa samaki na kwamba mbavu zake zinakwenda kasi hata akitulia. Paka alikuwa na kilo 3.5. Nilipomsikiliza, pumzi ilisikika sehemu ya juu ya kifua tu. Chini palikuwa kimya, dalili kwamba majimaji yamejaa kati ya mapafu na ukuta wa kifua.

Sikuthubutu kumlaza ubavu wala kumpa dawa ya usingizi, kwa maana paka aliyebanwa pumzi kiasi hicho huweza kufa mezani. Nilimwacha akae kifudifudi, nikampa oksijeni, kisha nikapitisha sindano nyembamba yenye mpira kati ya ubavu wa saba na wa nane, karibu na ukingo wa mbele wa ubavu, kwa kuwa mishipa hupita nyuma yake. Zilitoka mililita 120 za majimaji mazito yenye rangi ya supu ya nyanya, yenye uvundo ulionifanya nishuku mara moja bakteria wasiostahimili hewa.

Chini ya hadubini niliona nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zilizovimba na kuharibika, na ndani yake bakteria wa umbo la fimbo na wa mviringo, mchanganyiko unaofanana na ule wa kinywani mwa paka. Sampuli niliyoipeleka Mombasa ilirudi na jibu kwamba hakuna kilichoota. Sikubadili dawa ya kuua bakteria niliyokwisha kumwanzishia: bakteria wa aina hii hufa njiani wakiguswa na hewa, na slaidi ilikuwa imekwisha kunionyesha kwamba wapo.

Pumzi ilipotulia nilimlaza usingizi, nikamwekea mrija wa kifuani, nami nikawa naosha kifua mara mbili kwa siku kwa mililita 35 za maji ya chumvi vuguvugu. Siku ya pili zilirudi 14 tu, jambo lililonitia hofu, kwa kuwa angalau robo tatu hutarajiwa kurudi. Nilimgeuza taratibu, nikavuta polepole, na donge la utando wa usaha likatoka mrijani. Siku ya tano kifua kilitoa mililita sita kwa siku nzima, chini ya mbili kwa kila kilo, na slaidi haikuwa na bakteria. Nikautoa mrija.

Wiki ya pili bibi alikuja akiwa na vidonge vya amoksisilini na asidi ya klavulaniki vilivyobaki. "Mwanangu, anapanda ukuta sasa. Vya nini tena?"

"Bibi, usaha hujificha katika vifuko vya utando ambavyo maji hayakuvifikia," nilimjibu, nikamwonyesha kwenye altrasaundi mstari mwembamba uliobaki chini ya kifua. Aliutazama kwa muda mrefu, akavirudisha vidonge mkobani, akampa paka hadi wiki ya sita, siku ambayo mstari ule haukuonekana tena.