Jumatatu ya vikaratasi

Nilipokabidhiwa kusimamia kituo cha kukusanyia maziwa, nilirithi na kikao cha Jumatatu. Tulikuwa watu wanane. Tulikaa saa nne asubuhi, maziwa yakishaingia kwenye tangi la kupozea, tukainuka karibu saa sita. Kila mtu alitoa taarifa yake, hata asiye na jipya, na nikiulizwa jioni tumeamua nini, sikuwa na jibu.

Wiki tatu mfululizo tulijadili jambo lile lile: maziwa ya njia ya bondeni. Mpokeaji huchanganya maziwa na spiriti, kiasi sawa kwa sawa, na yakikatika keni nzima inarudishwa. Njia ile ilikuwa inarudishiwa keni sita, hata saba kwa wiki. Dereva wetu, mtu mzima aliyekikuta kituo kikiwa banda la makuti, alisema wakulima wanachanganya maziwa ya jana. Mhasibu akataka wapigwe faini. Mimi niliafiki, na kwa kuwa niliafiki mapema, mjadala uliishia hapo.

Binti wa kupima maziwa hakusema kitu. Niliwahi kumwuliza mbele ya wote, "Na wewe je?" Akasema hana la kuongeza. Baada ya kikao cha tatu nilimkuta kwenye mizani anaosha vifaa.

"Dada," akaniambia, "zinazokatika karibu zote ni za kituo cha kwanza gari linaposimama."

"Mbona hukusema kule ndani?"

"Mzee alishasema."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumwuliza hadharani hakukuwa kumpa nafasi. Nilikuwa namtaka ampinge mtu wa umri wa baba yake, watu sita wakimtazama.

Jumatatu iliyofuata nilifanya tofauti. Taarifa zote zilibandikwa Jumapili karibu na tangi, kila mtu mistari miwili, asome mwenyewe. Ubaoni niliandika swali moja tu: "Tubadili nini kwenye njia ya bondeni wiki hii?" Nikaweka simu mezani, dakika thelathini zikihesabiwa, nikagawa vikaratasi. Dakika tatu za kuandika, bila kusema, mimi nikiwamo. Kisha nikavikusanya na kunakili yote ubaoni kwa mkono wangu, kwa sababu kwenye kituo kidogo kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake.

Kikaratasi kimoja kilirudi kitupu. Kilikuwa cha kibarua wa kupakua, ambaye kuandika kunampa tabu, nami sikulifikiria hilo. Tangu siku hiyo nilianza kumpitia asubuhi na kumsikiliza kwa mdomo kabla ya kikao.

Mstari wa nne ubaoni ulisomeka: gari linachukua maziwa likienda, kwa hiyo ya kituo cha kwanza yanazunguka bonde lote na kurudi.

"Nani kaandika hilo?" dereva akauliza.

"Kwanza tuambie kama ni kweli, mzee. Njia unaijua wewe."

Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Kituo cha kwanza anafika saa kumi na mbili na dakika ishirini, mwisho wa njia saa mbili, hapa saa tatu na nusu. Zaidi ya saa tatu juani. Basi akasema mwenyewe kwamba akienda moja kwa moja hadi mwisho bila kusimama, saa moja atakuwa kule, akakusanya akirudi. Ila wakulima wa karibu lazima waambiwe wachelewe kukamua, la sivyo maziwa yatakaa kwao badala ya kukaa garini. Hilo hakuna mwingine aliyeliwaza, hata binti.

Mhasibu bado alitaka faini. Nikamwomba tuiweke kando wiki moja, akakubali shingo upande.

Nikaandika uamuzi chini ya swali, wote wakiona: gari likusanye likirudi, dereva, kuanzia Jumatano, kwa kuwa Jumanne ni ya kuwaarifu wakulima. Binti ahesabu keni zinazokatika kwa kila kituo. Kengele ya simu ililia mhasibu akiwa bado anasema. Tulimaliza kwa dakika thelathini na tano.

Wiki iliyofuata nilianza na yule mwenye hesabu ya keni. Keni moja tu ilikuwa imekatika tangu Jumatano, na hiyo ilitoka kwa mkulima mmoja wa katikati aliyekuwa akikamulia kwenye dumu la plastiki. Binti alisoma akiwa ameinamia daftari, sauti ikifika nusu ya meza.

"Inua sauti, mwanangu," dereva akamwambia. "Hiyo ya dumu ni ya nani? Kesho napita kwake."