Sema kabla kikao hakijapamba moto

Pale ofisini hakuna mkimya kama mimi. Nimegundua kadiri unavyokaa kimya kikaoni, ndivyo neno lako la kwanza linavyogeuka tukio: vichwa vyote vinakugeukia, koo linakauka, na hoja yenyewe mtu keshaisema.

Siku hizi naomba ajenda jioni ya kabla ya kikao, nachagua kipengele cha mwanzoni, naandika sentensi moja daftarini. Wala si lazima iwe hoja nzito, swali linatosha. Jumatatu, kaka wa ghala alipomaliza tu ripoti yake nikadakia: "Samahani kaka, hesabu hii ya mafuta ya kula ni kabla au baada ya mzigo wa Ijumaa kutoka?" Kumbe ni kabla! Oda ikabidi iongezwe palepale. Baada ya hapo nikachangia tena bila moyo kwenda mbio, na bosi mwenyewe akaniuliza naonaje kuhusu usafiri.

Kwenye vikao vya mtandaoni mbinu hii inayumba kidogo, maana sauti zinachelewa mnaishia kukatana maneno. Huko namwandikia mwenyekiti mapema anipe nafasi kwenye kipengele cha kwanza au cha pili.