Chumba changu cha Kiamunyi na mafundi wa miezi mitatu

Chumba cha nyuma ya nyumba yangu hapa Kiamunyi, Nakuru, kilikaa kitupu kwa karibu miezi miwili, na chanzo kilikuwa ushauri niliopewa na wakala wa nyumba ambaye nilimlipa ili anisaidie. Nilikuwa nimekitia kitanda, godoro, meza, kabati, jiko la gesi na vyombo vichache, nikamweleza kwamba nawataka watu wanaokuja mjini kwa kazi za kandarasi. Aliniambia nidai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti ya miezi miwili, tena nimfunge mpangaji kwa mkataba wa miezi sita, kwa sababu, kwa maneno yake, mtu mwenye samani zako lazima abanwe. Nilimwamini, nami najuta hadi leo.

Waliopiga simu walikuwa mafundi wa kuchomelea, mafundi wa umeme na wauguzi wa mikataba mifupi. Kila mmoja alisikiliza kwa adabu hadi nilipotaja 42,000 za kuingilia, kisha akasema atanipigia, na hakupiga. Mmoja tu ndiye aliyenieleza ukweli. Alisema, "Mama, mimi naanza kazi Jumatatu na mshahara wa kwanza nitaupata baada ya wiki mbili. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu, na unaweza kuongezwa au kukatwa. Nitakuahidije miezi sita?" Hapo nilielewa kwamba masharti yangu yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, yule anayehamia na familia yake akiwa na akiba mkononi.

Nilimwacha wakala nikapanga upya. Kodi yangu ilikuwa 14,000 kwa mwezi, kwa hiyo nikaigawa kuwa 7,000 kwa kila usiku 14, inayolipwa mbele, yaani 500 kwa usiku. Dipoziti nikaifanya 5,000 kwa kila mtu, haipandi wala haishuki, na haigeuzwi kuwa kodi ya siku za mwisho. Hela hizo huziweka kando na pesa zangu za matumizi, maana dipoziti iliyokwisha kununua unga haiwezi kurudishwa mlangoni. Notisi ni siku saba kwa pande zote mbili, na usiku uliolipiwa ambao haukulalwa baada ya notisi kwisha hurudishwa. Yote hayo yanaingia katika ukurasa mmoja tunaoutia sahihi sote wawili, na nyuma yake kuna orodha ya vitu vilivyomo chumbani pamoja na bei ya kila kimoja kikipotea au kuvunjika. Bei hizo zikubaliwe siku ya kuingia, kwa sababu siku ya kuondoka kila mtu huona bei ya mwenzake ni dhuluma.

Matangazo kwenye nguzo za umeme yaliniletea wanafunzi na watu waliotaka chumba cha usiku mmoja. Mafundi sikuwapata hadi nilipojiuliza wanakuwa wapi alfajiri. Wengi wa waliokuwa wakinipigia walifanya kazi katika mradi wa mvuke wa Menengai, ambako vilipangwa vituo vitatu vya kuzalisha umeme, kila kimoja cha megawati 35, na gari la kazi liliwachukua barabarani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mahali hapo pana mama anayeuza chai na mandazi. Nilimwomba aniwekee karatasi kando ya birika, nami nilihakikisha kila neno lililomo linajibu swali ambalo fundi angeniuliza:

"Chumba chenye samani, Kiamunyi, dakika saba kwa miguu hadi linapopita gari la kazi. 7,000 kwa wiki mbili, dipoziti 5,000 inarudishwa siku unapoondoka. Maji ya moto, mita yako ya tokeni, pazia zito kwa anayelala mchana, mahali pa kuacha buti zenye matope. Risiti hutolewa."

Simu tatu zilikuja wiki hiyo, na wawili kati ya waliopiga waliuliza kwanza juu ya risiti, kwa sababu kampuni zao huwarudishia gharama za malazi wakileta karatasi yenye tarehe, kiasi na sahihi. Jirani yangu huogopa kutoa risiti akidhani zitamletea mtoza ushuru. Ile kodi ya mapato ya upangaji, ambayo ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, huwahusu wanaopata kodi za nyumba kuanzia 288,000 kwa mwaka, na chumba changu hakifiki huko. Kwa anayetoka mbali, humwonyesha chumba kwa simu ya video na sipokei hata shilingi kabla hajafika, kwa kuwa matapeli wamewala wengi kwa dipoziti za vyumba visivyokuwapo.

Jambo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa gesi. Mpangaji wa kwanza alipoondoka alisema mtungi ulikuwa umejaa karibu nusu, mimi nikautikisa na kuona umekwisha, na tukaagana vibaya kwa ajili ya shilingi mia chache. Siku kadhaa baadaye niliugeuza mtungi ule wa kilo 6 nikaona kwamba juu, karibu na mshikio, uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma: wangu ni kilo 7.1. Basi ukiwa umejaa lazima uwe kilo 13.1, na kilichozidi 7.1 wakati wowote ni gesi. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza viazi, na tangu hapo mtungi hupimwa mbele ya mpangaji anapoingia na anapotoka, nasi huandika namba zote mbili. Nawasihi wenye vyumba vya namna hii mfanye hivyo. Pima mtungi peke yake, baada ya kufungua mrija na kuondoa kichwa cha jiko, la sivyo uzito utakudanganya.

Hesabu ya mwezi uliopita itaonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Fundi wa kuchomelea kutoka Mombasa alilipa 7,000 tarehe 3, za usiku 14 hadi tarehe 16. Tarehe 5 aliniambia, "Mama, mabomba yamepimwa shinikizo na hayavuji, kwa hiyo kazi yetu imekwisha mapema," akatoa notisi ya siku saba. Aliondoka asubuhi ya tarehe 12 akiwa amelala usiku 9, hivyo usiku 5 ulimrudishia 2,500. Mtungi ulisoma 9.5, yaani ilibaki gesi ya kilo 2.4 na alikuwa ametumia 3.6, ambayo ni sehemu sita kati ya kumi. Kwa kuwa kujaza hapa kwetu ni kama 1,200, alidaiwa 720. Vitu vyote vya orodha vilikuwapo na ufunguo nikaupokea. Dipoziti 5,000 na zile 2,500, tukitoa 720, ni 6,780, na nilimtumia kwa M-Pesa begi lake likiwa bado limeegemea mlango. Alisubiri ujumbe uingie, akausoma, kisha akampigia mwenzake wa Naivasha aliyekuwa ameitwa kwa kazi nyingine huku. Mwenzake huyo aliingia Jumapili, nami nilikuwa nimekwisha kujaza mtungi.