Nusu dakika katika gati la Mokowe

Mara ya kwanza nilipomweleza mfanyabiashara mmoja wa Mombasa habari za chama chetu, ambacho huvusha wajawazito kwa boti usiku kwenda hospitalini, tulikuwa tumekaa barazani kwenye harusi mjini Lamu, naye akanisikiliza kwa adabu kubwa. Nilianza na mwaka tuliosajiliwa, nikaingia katika idara zetu tatu, nikataja "uwezeshaji wa jamii" na "ushirikiano na wadau", na nilipofika kwenye bodi ya wadhamini yeye alikuwa anaangalia sinia la pilau likipita. Akasema, "Inshallah, Mungu atawasaidia," akainuka.

Bi Mkubwa, mweka hazina wetu, ambaye alikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, hakunilaumu. Kesho yake alimwita nahodha wetu, akaniamuru nirudie maneno yale yale mbele yake, kisha akamuuliza nahodha tunafanya kazi gani. Nahodha, mtu anayeendesha boti yetu yeye mwenyewe, alifikiri kidogo akajibu, "Ana idara tatu." Huo ukawa mtihani wetu tangu siku hiyo: msikilizaji hupewa nafasi ya kurudia alichokisikia, na asichoweza kukirudia hukatwa.

Tulikaa na saa ya simu jioni tatu, tukiyapunguza maneno yangu yatoshe nusu dakika. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba nusu dakika huchukua maneno 75, lakini hesabu hiyo ilikuwa ya Kiingereza, na maneno yetu ni marefu. Nikisema 75 kwa Kiswahili huku nikipumua kama binadamu, saa ilinipita. Tulishuka hadi hamsini na kitu. Mwaka wa usajili ulitoka, idara zikatoka, na jina la chama likabaki la kutajwa wakati wa kujijulisha tu, maana salamu za Lamu zina muda wake na hazihesabiwi.

Tulichogombania hasa kilikuwa kitenzi kimoja. Mimi niliandika kwamba mwaka uliotangulia "tuliokoa maisha ya akina mama 26". Bi Mkubwa akafungua daftari la boti na kuniuliza ni ukurasa gani unaoonyesha hivyo. Daftari lilikuwa na tarehe, kijiji, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Halikuwa na maisha. Baadhi ya wale 26, alisema, wangejifungua salama hata wasingevushwa, na waliookolewa waliokolewa na wakunga na madaktari. "Sisi tunavusha. Sema tunavusha, mwanangu, kwa sababu mfadhili akiuliza umejuaje, utamwonyesha kitabu." Nilinung'unika kwamba neno hilo halina uzito. Tena nilitaka kumtaja kwa jina mama mmoja wa Ndau ambaye kisa chake kiliwaliza wengi, akakataa pia, kwa kuwa hatukuwa tumemwomba ruhusa.

Wiki chache baadaye nilimkuta yule bwana wa Mombasa katika gati la Mokowe, akisubiri boti ya kuvukia Lamu. Abiria walikuwa wameanza kuteremka ngazi. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha nikasema:

"Mjamzito wa Kiwayu akishikwa na uchungu usiku na mambo yakaharibika, hospitali iko ng'ambo ya bahari, na kukodi boti ya dharura kunamshinda mvuvi. Sisi tunaweka boti moja na nahodha zamu usiku kucha, bila ya mama kulipa chochote. Mwaka jana tulivusha akina mama 26. Je, pale kwenu mzazi akizidiwa usiku hufikishwa vipi hospitalini?"

Sikuomba pesa. Bi Mkubwa alikuwa ameniambia kwamba mtu aliyesimama na begi mkononi hatoi fedha, ila anaweza kutoa swali, na kwamba swali langu la mwisho ni la kumfungulia mlango wa lake. Nilinyamaza, jambo lililonigharimu kuliko maneno yenyewe, kwa sababu ulimi ulikuwa unataka kuongeza zile idara.

Alisema kwao kuna barabara, kwa hiyo hupigwa simu ya teksi. Akatazama maji, kisha akauliza, "Na mafuta, nani hulipa?"

Nikamjibu kwamba wanachama huchanga kila mwezi, na mchango ukiisha nahodha hukopa kwa muuza petroli. Kwamba kuna usiku ambao boti haikuondoka kwa sababu deni lilikuwa halijalipwa, na usiku huo nao umeandikwa. Hapo nilikuwa nimeshapita nusu dakika, lakini sasa yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Nahodha wa boti yake alikuwa akimwita. Akanipa nambari yake ya simu, akasema nimfuate Mombasa baada ya Idi.

"Na hilo daftari," alisema akiwa ameshaweka mguu botini, "uje nalo."